Sura ya Saba: Ufa Ulioukuta kwenye Bampa

Watu wawili wakigombana juu ya gari la kukodi, ni nadra kubishana kama bampa lina ufa. Ufa uko pale, na yeyote anaweza kuugusa kwa kidole. Wanachobishania ni siku ulipotokea. Mwenye gari anasema ulitokea mikononi mwa mteja, mteja anasema aliukuta. Aliyeusababisha huenda ni mteja wa wiki tatu zilizopita, huenda ni kijana wa yadi aliyerudi kinyumenyume bila kutazama, na hakuna hata mmoja wao atakayejitokeza. Kwa hiyo linabaki swali moja: nani ana kitu kinachoonyesha hali ya sehemu ile, saa ile gari lilipobadilisha mikono?

Kitu hicho kina vipande viwili. Kuna fomu ya hali ya gari, ile karatasi yenye mchoro wa gari ambayo pande zote mbili huitia sahihi, na kuna picha ambazo mteja hupiga kabla ya kuondoka. Kila kimoja kina udhaifu wake. Kampuni haiwezi kuikana fomu, maana ina sahihi ya mtu wake, lakini maneno yake huwa mawili matatu na mchoro wake si mkubwa kuliko kiganja. Picha zinaonyesha ufa wenyewe, urefu wake na uchafu uliomo ndani, lakini mpinzani anaweza kuuliza zilipigwa lini. Wateja wengi waliopoteza hela zao walikuwa na kimoja tu kati ya hivi viwili, au walikuwa navyo vyote lakini haviungani.

Kisa nitakachokifuata hapa nimekiunda mwenyewe, ingawa sidhani kama kina kipande ambacho wakodi wa magari wa Nairobi hawatakitambua. Dada mmoja anakodi Toyota Fielder siku ya Ijumaa asubuhi, aende Nanyuki kwenye sherehe ya ukoo, arudi Jumatatu. Kodi ni shilingi 4,500 kwa siku. Dipoziti ni shilingi 30,000, na ameilipa kwa M-Pesa kwenye namba ya kampuni. Kijana wa yadi anakuja na ubao wenye fomu, kalamu ikining'inia kwa uzi.

“Gari liko sawa, madam. Tia sahihi hapa, hapa, na hapa, uende zako.”

Gari lilikuwa limetoka kuoshwa na bado lilikuwa limelowa. Wengi hufurahi wakiona hivyo. Ukweli ni kwamba gari lililolowa ni gumu kulikagua, kwa sababu maji huingia ndani ya mkwaruzo na kuufanya ung'ae sawasawa na rangi iliyo kando yake. Mkwaruzo mwembamba wa tabaka la juu unaweza kupotea kabisa kwa dakika kumi, kisha ukarudi jua likishaukausha. Vumbi nalo hufanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Dada huyu aliomba kitambaa akafuta pembe nne za gari, kingo za milango na rimu, yaani sehemu zinazogusana na dunia kwanza. Kijana alisonya kidogo, akampa kitambaa.

Jinsi alivyopiga picha ndiyo iliyomwokoa baadaye. Hakuanza na bampa. Aliketi kwenye kiti cha dereva, akawasha gari, akaanza kurekodi video ya dashibodi: kilomita 118,264, mafuta robo tanki. Bila kuikata video akashuka, akaonyesha namba ya gari, akalizunguka polepole mpaka akarudi mlangoni alikotoka. Baada ya hapo ndipo akaanza kupiga picha za kawaida.

Kilomita ndizo zinazoifunga picha kwenye fomu. Saa ya simu inaweza kubadilishwa kwenye mipangilio, na taarifa za tarehe zilizofichwa ndani ya faili la picha zinaweza kuhaririwa na mtu mwenye programu ya bure. Wakili wa kampuni akisema hivyo, amesema kweli. Lakini kilomita za gari likiendeshwa huenda mbele tu, na kuzirudisha nyuma si jambo la kufanywa na mteja kwa simu. Fomu iliyotiwa sahihi na kijana wa kampuni inasema gari lilitoka na kilomita 118,264. Video inaonyesha namba hiyohiyo, na katika mkanda huohuo usiokatwa inaonyesha bampa. Mteja akishaendesha mpaka Thika tu, hawezi tena kutengeneza video hiyo kirahisi hata akitaka, maana dashibodi imekwisha kusogea. Kwa hiyo video ni ya kabla ya safari, hata kama saa ya simu ingesema ni mwaka juzi. Nimeona watu wakipiga picha kwa bidii kubwa, pembe zote, na hakuna hata moja yenye dashibodi. Picha za namna hiyo zinasaidia, lakini zinaacha mlango wa mabishano wazi.

Kwenye picha za kawaida alifuata mwendo wa hatua tatu kwa kila alama aliyoiona: kwanza upande mzima wa gari, kisha kipande chenyewe, kisha alama kwa karibu ikiwa na sarafu ya shilingi 20 kando yake ili ukubwa ujulikane. Picha ya karibu peke yake haina kazi. Mkwaruzo uliojaa kwenye kioo cha simu unaweza kuwa wa gari lolote lililopo Nairobi, na bila ile picha ya upande mzima hakuna anayejua uko wapi. Pembe ya nyuma kushoto, chini ya taa, alikuta mkwaruzo wa urefu wa kiganja, na alipopiga magoti akaona kwamba kwenye ukingo wa chini mkwaruzo ule unaishia katika ufa. Ulikuwa mfupi, kama upana wa vidole vitatu, na ndani yake mlikuwa mweusi kwa vumbi na grisi. Kwenye gurudumu la mbele kulia, rimu ilikuwa imeparuzwa na ukingo wa barabara.

Hapo inafaa tutue kidogo, kwa sababu umri wa jeraha la gari husomeka kwa kiasi fulani. Bampa la Fielder ni la plastiki, kwa hiyo halishiki kutu, na mtu asitafute kutu hapo. Ufa mpya kwenye plastiki iliyopakwa rangi una kingo kali na safi, rangi yake ikimenyeka kama ganda la yai, na plastiki ya ndani inaonekana haina uchafu. Ufa wa zamani umejaa vumbi ambalo hata mashine ya kuoshea haitoi lote, na kingo zake zimelainika. Kwenye rimu za aluminiamu, paruzo jipya hung'aa kama fedha iliyosuguliwa, na kadiri siku zinavyopita linafifia na kuwa kijivu. Ni kwenye boneti, milango na madigadi, ambavyo ni vya chuma, ndiko kutu inakofaa kutafutwa: rangi ikiondoka hadi kwenye chuma chenyewe, rangi ya kahawia huanza kuonekana baada ya siku chache, na pwani mapema zaidi. Dalili hizi haziwezi kutaja tarehe. Zinaweza tu kutofautisha jeraha la jana na la miezi miwili iliyopita, na mara nyingi hilo linatosha.

Baada ya picha, fomu. Kijana alikuwa ameweka alama ya X moja kwenye mchoro, nyuma kushoto, na kando yake ameandika “mkwaruzo”. Dada akamwambia kuna ufa pia, na rimu ya mbele imeparuzwa.

“Hiyo X inatosha, madam. Tunalijua hilo gari.”

Hakuandika zaidi, na dada hakutaka kugombana asubuhi ile. Hata hivyo alifanya mambo mawili. Sehemu ya fomu iliyobaki tupu aliipigia mstari wa mshazari kutoka kona hadi kona, ili mtu asiongeze neno baadaye, akaipiga picha fomu nzima baada ya sahihi zote mbili kuwekwa. Fomu nyingi zina nakala za rangi mbili tatu chini yake, na nakala ya kampuni hubaki ofisini ambako kalamu ni nyingi. Kisha, akiwa bado uwanjani, akatuma picha sita kwenye namba ya WhatsApp ya kampuni, ileile aliyotumia kuweka oda, na maneno haya: “Nimepokea Fielder sasa hivi, kilomita 118,264. Hizi ni picha za hali yake, pamoja na ufa wa bampa la nyuma kushoto na rimu ya mbele kulia.” Ofisi ikajibu: “Sawa, safari njema.”

Maneno yale ya ofisi yana uzito kuliko picha zenyewe. WhatsApp hupunguza ubora wa picha na kuondoa tarehe iliyofichwa ndani yake, kwa hiyo faili asili lazima libaki kwenye simu. Lakini ujumbe umefika kwenye simu ya kampuni, una saa yake, na uko mahali ambapo mteja hawezi kuubadilisha. Kampuni iliyopokea picha ya ufa Ijumaa asubuhi ikamtakia mteja safari njema haiwezi Jumatano kuushangaa ufa ule.

Safari ilikwenda salama. Jumatatu alirudi jioni, giza likianza kuingia, akamkuta mlinzi tu. Mkataba ulisema gari hukaguliwa baada ya kuoshwa, kesho yake. Akapiga picha dashibodi, kilomita 118,739, akalizunguka tena kwa video chini ya taa ya uwanja, akamwachia mlinzi ufunguo. Sehemu ya kurudisha kwenye fomu ikabaki bila sahihi. Hapa ndipo palipokuwa na tundu katika ulinzi wake, na tutalirudia.

Jumatano ikaja hesabu. Bampa jipya la nyuma pamoja na rangi, shilingi 22,000. Rimu, 6,500. Mlango wa nyuma kulia, kunyoosha na kupaka rangi, 9,000. Siku tatu ambazo gari halitafanya kazi, 13,500. Ada ya ofisi, 3,000. Jumla shilingi 54,000. Dipoziti ya 30,000 imeliwa yote, na ofisi inadai 24,000 zaidi. Zimeambatanishwa picha nne: bampa, rimu, mlango, na dashibodi ya kuonyesha mafuta.

Mtu akipokea hesabu kama hii, damu humpanda, na ujumbe wa kwanza anaouandika huwa mrefu, wenye neno “wezi” ndani yake. Ujumbe ule ndio utakaosomwa baadaye na meneja, na pengine na hakimu. Dada huyu alilala nayo. Asubuhi akaichambua hesabu mstari kwa mstari, kwa sababu kila mstari una ushahidi wake na mmoja hauwezi kubeba mwingine.

Bampa lilikuwa rahisi. X ya kijana iko palepale kwenye mchoro. Kampuni ingeweza kusema, na kweli meneja alisema hivyo kwenye simu, kwamba fomu inataja mkwaruzo na sasa kuna ufa, yaani mteja aliongeza. Hiyo ndiyo hoja inayotumiwa sana dhidi ya fomu, na ndiyo inayoonyesha kwa nini fomu peke yake haitoshi. Hapo picha inaingia. Ufa uko kwenye picha ya Ijumaa, sarafu iko kando yake, na kwenye picha ya kampuni ya Jumatano urefu wake haujabadilika ukilinganisha na ukingo wa taa. Aliziweka picha mbili bega kwa bega katika ukurasa mmoja, akazungushia ufa duara jekundu katika zote mbili, na chini yake akabandika picha ya fomu yenye X na picha ya dashibodi yenye 118,264.

Rimu haikuwa kwenye fomu kabisa. Fomu inaposema jambo halikuwepo, au inaponyamaza, kampuni hutumia ukimya huo: mteja amekubali gari lilikuwa zima isipokuwa pale penye X. Kwenye karatasi nyingi maneno ya kukubali hivyo yamechapishwa juu kidogo ya mahali pa sahihi, kwa herufi ndogo. Hoja hii ina nguvu, na mteja asiidharau. Kilichomsaidia ni ule ujumbe wa Ijumaa uliotaja rimu kwa jina, na jibu la ofisi. Fomu ilikuwa kimya, lakini dakika chache baadaye kampuni ilielezwa kwa maandishi na haikupinga. Picha ya karibu nayo ilionyesha paruzo la kijivu lililofifia, si la siku ile.

Kisha kulikuwa na mlango, na hapo ndipo tundu lile la Jumatatu lilipoonekana. Dada alitazama video yake mara nyingi, na mbonyeo waliodai hakuuona, wala Ijumaa wala Jumatatu. Lakini hakuweza kusema kwa hakika kwamba haukuwepo. Mbonyeo mdogo hauonekani ukipigwa picha kwa mbele, hasa kivulini, kwa sababu rangi haijakatika na kamera haioni umbo, inaona mwanga tu. Ili uonekane lazima usimame karibu na kona ya gari na kuutazama mlango kwa mshazari, kitu chenye mstari ulionyooka, kama ukuta au waya wa umeme, kikiakisiwa kwenye rangi. Mahali mstari ule unapopinda, pana mbonyeo. Video zake zote mbili zilikuwa zimepita mlangoni kwa haraka, kamera ikitazama mbele.

Lakini picha ya kampuni yenyewe ilikuwa na jambo. Dashibodi waliyoituma kuonyesha mafuta ilisoma kilomita 118,761. Dada alirudisha gari likiwa na 118,739. Gari lilikuwa limetembea kilomita 22 baada ya kutoka mikononi mwake na kabla ya kukaguliwa. Huenda lilipelekwa kuoshwa, huenda lilipelekwa mahali pengine, na si kazi yake kujua. Kwa kilomita 22 mtu mwingine alikuwa kwenye usukani.

Aliandika hivi, kwa barua pepe, akiwa ameambatanisha ukurasa wa picha, fomu na mazungumzo ya WhatsApp:

“Ndugu Meneja, nimepokea hesabu yenu ya shilingi 54,000. Naijibu kwa mpangilio wake. Bampa: alama ipo kwenye fomu mliyotia sahihi Ijumaa, na ufa upo kwenye picha nilizowatumia siku hiyohiyo gari likiwa na kilomita 118,264. Sitalipa. Rimu: niliitaja kwenye ujumbe wa Ijumaa, nanyi mkajibu. Sitalipa. Mlango: niliacha gari likiwa na kilomita 118,739, na picha yenu inaonyesha 118,761. Naomba mnieleze nani aliliendesha na lini lilikaguliwa. Naomba pia fomu ya kurudisha ya mteja aliyenitangulia, risiti ya fundi ya kazi iliyofanyika, na siku ambazo gari halikukodishwa. Ada ya ofisi: naomba mnionyeshe kifungu cha mkataba. Naomba dipoziti yangu irudishwe ndani ya siku saba, isipokuwa kiasi ambacho mtakuwa mmekithibitisha.”

Kwenye barua hii hakuna tusi, na hakuna tishio la mahakama. Kuna maombi, na maombi mawili kati ya hayo yanauma kuliko yanavyoonekana. Fomu ya kurudisha ya mteja aliyetangulia ni karatasi ambayo kampuni inayo na mteja hana. Ikiwa ufa ulikuwepo Alhamisi, utakuwa kwenye fomu ile, na huenda mtu yule naye alilipishwa bampa ambalo halikubadilishwa. Risiti ya fundi nayo ni tofauti na makadirio. Makadirio huandikwa na yeyote kwenye karatasi yoyote. Fundi anayetoa ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA, ameacha alama ambayo mamlaka ya kodi inaweza kuiona, kwa hiyo haiandiki kirahisi kwa kazi ambayo haikufanyika.

Simu ikaja siku iliyofuata. Sauti ya meneja ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuzungumza na kijana wa yadi.

“Dada yangu, tusifikishane mbali. Bampa tunaliachilia. Lakini mlango ni wewe.”

“Nionyeshe, kaka. Nikiona nitakuelewa.”

Waliahidiana kukutana yadini. Huko aliuona mlango kwa mshazari, na mbonyeo ulikuwa wa kweli, mdogo, bila rangi kukatika, kwenye kimo ambacho mlango wa gari la jirani ungefika ukifunguliwa kwa nguvu. Alikumbuka uwanja wa kuegesha ulivyobanana kwenye sherehe ile. Angeweza kushikilia zile kilomita 22, na mbele ya hakimu pengine zingemsaidia. Aliamua hataki. Wakakubaliana gari lipelekwe kwa fundi anayeweza kuunyoosha mbonyeo bila kupaka rangi, na ankara iliyorudi ilikuwa shilingi 6,500 badala ya 9,000. Gari lilikaa kwa fundi siku moja, si tatu, kwa hiyo 4,500. Ada ya ofisi haikuwa na kifungu kwenye mkataba, ikafutwa. Jumla 11,000. Shilingi 19,000 zikarudi kwenye M-Pesa yake siku hiyohiyo.

Wapo watakaosema alilipa cha mtu. Huenda. Lakini mteja anayekana kila kitu, pamoja na kile ambacho hana picha yake, humpa meneja sababu ya kutilia shaka hata kile chenye picha.

Kuhusu dipoziti yenyewe, njia ya malipo hubadilisha nani anamfuata nani. Aliyelipa kwa M-Pesa ameshatoa hela, na zimo mfukoni mwa kampuni. Huduma ya kurudisha muamala iliwekwa kwa ajili ya hela zilizotumwa kimakosa na haitatui mgogoro wa mkataba. Aliyewekewa zuio kwenye kadi ya benki bado ana hela zake, ingawa hawezi kuzigusa, na kampuni ikikata bila idhini yake anaweza kuiandikia benki iliyompa kadi kupinga muamala ule. Benki itaitaka kampuni ilete nyaraka zake, na faili la mteja litakuwa lilelile: fomu, picha, dashibodi, mazungumzo. Benki zina mwisho wa muda wa kupokea pingamizi, kwa hiyo barua hiyo haingoji mazungumzo na meneja yaishe.

Kama meneja angekataa, dada huyu angekwenda kwenye Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hizi zimeundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na ya kwanza ilianza kazi Milimani mwaka 2021. Zinapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inazitaka zimalize shauri ndani ya siku 60 tangu lifunguliwe. Mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Angedai dipoziti yake tu. Upande wake ungekuwa mwepisi, kwa sababu ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba alilipa 30,000. Kampuni ndiyo ingelazimika kueleza kwa nini inazishikilia, na anayedai jambo ndiye wa kulithibitisha.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na hati ya kuuthibitisha: maelezo ya simu iliyotumika, jinsi picha zilivyopigwa na jinsi zilivyochapishwa, yakiwa na sahihi ya mhusika. Mahakama ya Madai Madogo haifungwi na kanuni kali za ushahidi, lakini hati ile ni ya ukurasa mmoja na inamziba mdomo wakili anayependa kusimama kuuliza picha zimetoka wapi. Angechapisha picha kwa rangi, angebeba simu yenyewe ikiwa na mafaili asili, na angeomba video ichezwe kuanzia sekunde ya kwanza, pale dashibodi inaposoma 118,264.

Simu hiyo isiuzwe wala kufutwa mpaka hela zirudi. Na mazungumzo ya WhatsApp yahifadhiwe mahali pengine pia, maana upande wa mteja yamo kwenye simu moja tu, na kuna kampuni ambazo, mgogoro ukianza, hufuta upande wao.